Namna ya kuwaandikia wateja wako wa maziwa bei inapopanda kiangazi

Muuza maziwa mdogo akibanwa na kiangazi ana njia tatu. Anaweza kupandisha bei, anaweza kupunguza kipimo kimyakimya, au anaweza kuongeza maji. Wateja wanazijua zote tatu, na ndiyo maana bei ya maziwa ikipanda bila maelezo, wengi huanza kuangalia sufuria kwa makini kuliko jana. Barua nzuri inamwambia mteja kwamba wewe umechagua njia ya kwanza na kwamba hizo mbili nyingine hutazigusa. Mengine yote kwenye barua yanalisaidia hilo.

Mwongozo huu ni wa anayeuza lita chache kwa siku, nyumba kwa nyumba au kibarazani, kwa watu anaowajua kwa majina. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mama anayeuza maziwa Kihonda, Morogoro, na anayenunua kwa wafugaji wa upande wa Mkambarani. Tumwite Mama Maziwa, kwa kuwa ndivyo watoto wa mtaani wanavyomwita. Tarakimu za mfano ni za kukuonyesha njia ya hesabu, kwa hiyo weka zako.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya lita moja

Usishike kalamu kabla ya kujua lita moja inakugharimu kiasi gani ikifika mkononi mwa mteja. Wengi huangalia bei ya mfugaji peke yake, na hapo ndipo wanapopotea.

Wakati wa mvua Mama Maziwa anapokea lita 40 kwa siku kwa shilingi 1,300 kila lita. Bodaboda wa kuyaleta anachukua 8,000 kwa safari. Umeme wa friji, sabuni na gesi ya kuchemshia maji ya kuoshea keni ni kama 2,000 kwa siku. Jumla anatoa 62,000. Akiuza lita zote kwa 1,800 anapata 72,000, kwa hiyo anabaki na 10,000.

Kiangazi kikikolea, mambo mawili yanabadilika kwa pamoja. Mfugaji anapandisha hadi 1,450, maana majani yamekauka na sasa ananunua mashudu ya alizeti na pumba za mahindi. Hilo kila mtu analiona. La pili halionekani haraka: maziwa yanapungua kutoka lita 40 hadi 28, lakini bodaboda bado anadai 8,000 yake na friji bado inakula umeme uleule. Zile 10,000 za safari na friji za kila siku zilikuwa zinagawanywa kwa lita 40, yaani 250 kila lita. Sasa zinagawanywa kwa 28, ambayo ni karibu 357. Hivyo lita imepanda kwa 150 za mfugaji na nyingine 107 za safari na friji, ingawa bodaboda hajaongeza hata senti.

Jumlisha sasa. Maziwa 40,600, safari na mengineyo 10,000, jumla 50,600. Akiendelea kuuza kwa 1,800 atapata 50,400. Anaamka alfajiri kupoteza shilingi 200 kila siku.

Hatua ya pili: chagua bei moja

Ili Mama Maziwa abaki na 10,000 kama zamani, angehitaji kuuza lita kwa karibu 2,165. Hiyo ni hesabu sahihi lakini ni bei mbaya. Haigawanyiki, inahitaji chenji isiyopatikana, na mteja anaona umemtwika kiangazi chote peke yake.

Bei ya 2,000 ndiyo inayomfaa. Ni noti moja. Nusu lita ni 1,000, robo ni 500, na hakuna mtu atakayesimama mlangoni akitafuta sarafu huku maziwa yakipata joto. Kwa bei hiyo anapata 56,000, anatoa 50,600, anabaki na 5,400 kwa siku. Ni karibu nusu ya faida yake ya masika. Hilo ni jambo la kusema kwenye barua, kwa sentensi moja tu, bila kuomboleza: mimi nimebeba sehemu, naomba nanyi mbebe sehemu.

Angalia pia upande wa mteja kabla hujaandika. Nyumba inayochukua lita moja itaongeza 200 kwa siku, yaani 6,000 kwa mwezi. Ya nusu lita, 3,000. Mwenye mgahawa anayechukua lita 6 ataongeza 36,000 kwa mwezi, na huyo si wa kupewa karatasi mlangoni. Nenda ukakae naye jioni, wakati chai imepungua wateja, umweleze kwa mdomo kabla ya wengine wote. Mama Maziwa ameamua kwamba anayechukua lita 5 au zaidi kwa mara moja atalipa 1,900, kwa sababu anamaliza mzigo kwa kituo kimoja. Inamgharimu 600 kwa siku, na anabaki na 4,800. Kama utatoa punguzo la namna hiyo, liandike wazi kwenye barua ya watu wote. Punguzo la siri mtaani halikai wiki.

Hatua ya tatu: panga tarehe na maziwa yenyewe

Anza bei mpya tarehe 1 ya mwezi. Wateja wengi wa maziwa wanalipa mwisho wa mwezi kwa daftari, na bei ikibadilika katikati utakuwa na mistari miwili ya hesabu kwa kila nyumba, na ubishi kwa kila mstari. Barua itoke wiki mbili kabla. Kwa Morogoro, malisho huwa mabaya zaidi kuanzia Agosti hadi mvua za vuli zishike, kwa hiyo Mama Maziwa anatoa barua tarehe 15 Agosti na bei inaanza 1 Septemba. Anajua siku hizo za Agosti atauza kwa hasara ndogo. Ndiyo gharama ya kutoa taarifa mapema, na kwa shilingi 200 kwa siku ni ya bei nafuu.

Aliyekwisha lipa mbele anamaliza siku zake kwa bei ya zamani. Hapa hakuna mjadala.

Kisha fikiria wingi, maana kiangazi bei ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba maziwa hayatoshi. Katika lita 40 za masika, wateja wa kudumu wa Mama Maziwa walikuwa wanachukua 28 na zile 12 zilikwenda kwa wapita njia. Sasa zinazoingia ni 28 tu, kwa hiyo wapita njia watakosa na wa kudumu watapata kiasi chao. Kwa mteja hii ni faida kubwa, na wauzaji wengi wanasahau kuiandika. Mwambie kwamba fungu lake limehifadhiwa. Lakini mwambie pia kwamba akitaka lita ya ziada kwa ajili ya wageni au shughuli, aseme siku moja kabla, na kwamba hutaweza kila mara.

Hatua ya nne: andika

Barua ikae upande mmoja wa karatasi. Nyingi zinazosambazwa mitaani husomeka hivi: “Ndugu mteja, kutokana na hali ngumu ya uchumi na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, bei ya maziwa imepanda. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote.” Mteja akimaliza kusoma hajui bei mpya ni ngapi, inaanza lini, itashuka lini, wala kama maziwa yatakuwa yaleyale. “Hali ya uchumi” haina ng'ombe ndani yake, na yeye ana uchumi wake mgumu vilevile.

Weka bei na tarehe ndani ya mistari mitatu ya kwanza, mara baada ya salamu. Ukizizungusha mpaka mwisho, mteja ataruka maelezo yote akizitafuta. Baada ya hapo toa sababu, na ziwe zile ambazo mtu anaweza kuziona kwa macho: nyasi zimekauka, mfugaji ananunua mashudu, maziwa yamepungua lakini nauli ni ileile. Ada ya shule ya watoto wako, kodi ya nyumba na ugonjwa wa shangazi ni mambo ya kweli, ila hayapandi kila kiangazi na kushuka masika, kwa hiyo yanamfanya mteja aone bei hii haitashuka kamwe.

Andika aya moja kuhusu maji na kipimo. Wengine wanaogopa kwamba kutaja maji ni kuamsha shaka. Mimi naona shaka ipo tayari, kwa sababu mwezi wa Septemba maziwa yenyewe hubadilika sura. Rangi ya manjano kwenye malai hutokana na majani mabichi anayokula ng'ombe. Akilishwa nyasi kavu na pumba, malai huwa meupe. Mteja aliyezoea umanjano wa masika ataona weupe, atakumbuka bei imepanda, na ataunganisha mambo hayo mawili. Mwambie kabla hajaona.

Usiandike tarehe ya bei kushuka, kwa kuwa mvua si yako. Andika tarehe ya kuangalia upya. Mvua ya kwanza haishushi bei ya mfugaji: majani yanahitaji wiki kadhaa kukua ya kutosha kuliwa, na mfugaji haachi kununua mashudu siku ile wingu linapotanda. Kwa vuli ya Morogoro, ambayo mwaka mwingine huchelewa, katikati ya Desemba ni tarehe ya busara.

Hii ndiyo barua ya Mama Maziwa:

“Kihonda, 15 Agosti

Kwenu wateja wangu,

Habari za nyumbani. Naandika kuwajulisha kwamba kuanzia tarehe 1 Septemba lita moja ya maziwa itakuwa shilingi 2,000 badala ya 1,800. Nusu lita itakuwa 1,000 na robo 500. Anayechukua lita 5 au zaidi kwa mara moja atalipa 1,900 kwa lita. Aliyelipa mbele atamaliza siku zake kwa bei ya zamani.

Sababu ni kiangazi. Nyasi zimekauka na wafugaji wangu sasa wananunua mashudu na pumba, hivyo wamenipandishia shilingi 150 kwa lita. Maziwa nayo yamepungua: nilikuwa napata lita 40 kwa siku, sasa napata 28, na bodaboda wa kuyaleta analipwa nauli ileile. Nikiendelea na bei ya zamani nauza kwa hasara. Bei hii mpya hainirudishii faida ya masika. Sehemu nimeibeba mimi.

Maziwa siongezi maji, na kipimo ni jagi lilelile la lita, linalosomwa povu likishatulia. Mtaona malai ni meupe kuliko ya miezi ya mvua. Ni kwa sababu ng'ombe hawapati majani mabichi. Anayetaka kupima maziwa, laktomita ninayo, aje asubuhi tupime pamoja.

Fungu la kila mmoja wenu nimelihifadhi. Wanaopita njia ndio watakaokosa. Ukihitaji ya ziada, niambie siku moja kabla, nami nitakujibu kweli kama yapo au hayapo. Ukitaka kupunguza, niambie tu, tutaandika kwenye daftari.

Tarehe 15 Desemba nitaangalia bei ya wafugaji upya na nitawaandikia, ikiwa imeshuka au haijashuka.

Asanteni kwa kuwa nami.
Mama Maziwa”

Umeona neno “samahani” halimo. Kuomba radhi kwa bei uliyoipigia hesabu kunamfanya msomaji afikiri kuna kosa. Shukrani moja mwishoni inatosha.

Kuhusu laktomita, usiiahidi kama huijui. Maziwa mazima ya ng'ombe kwa kawaida husoma kati ya 28 na 32, na maji yakiongezwa usomaji hushuka. Ila maziwa yenye uvuguvugu wa ng'ombe husoma chini kuliko yalivyo, kwa hiyo yaache yapoe hadi joto lililoandikwa kwenye laktomita yenyewe, koroga taratibu bila kutoa povu, kisha soma. Ukipima ya moto mbele ya mteja umejishtaki mwenyewe bila kosa. Chombo hicho kina udhaifu mwingine pia: mtu akiengua malai usomaji hupanda, kisha akiongeza maji hurudi mahali pa kawaida. Kwa sababu hiyo wewe mwenyewe, unapopokea kwa mfugaji, usitegemee namba peke yake. Chemsha kidogo uangalie malai yanavyokaa. Ukiahidi “siongezi maji” halafu mfugaji wako ndiye anayeongeza, mteja hatajali ni nani.

Hatua ya tano: iwasilishe

Mpe kila mteja nakala mkononi, wakati wa kumpimia maziwa, na useme kwa mdomo sentensi moja: “Mama, bei inabadilika mwezi ujao, maelezo yako humu.” Kwa nyumba ambayo anayepokea maziwa ni dada wa kazi au mtoto, usiiache barua ikaishia jikoni. Mpigie mwenye kulipa au mtumie ujumbe. Malalamiko mengi ya mwisho wa mwezi hutoka kwenye nyumba ambazo aliyeambiwa siye mwenye pochi.

Kwa simu au Wasapu, fupisha hivi: “Habari. Kuanzia 1 Septemba lita ya maziwa ni 2,000 (nusu 1,000) kwa sababu ya kiangazi: wafugaji wamepandisha na maziwa yamepungua. Hayana maji, kipimo ni kilekile, fungu lako lipo. Nitaangalia bei upya 15 Desemba. Mama Maziwa.” Siku moja kabla ya bei kuanza, kumbusha kwa mstari mmoja.

Hatua ya sita: jiandae kujibiwa

“Kwani ng'ombe si wanakula majani ya bure?” Mjibu kwamba masika ndiyo, lakini sasa majani yaliyobaki yamekauka na hayana nguvu ya kutoa maziwa. Ongeza la maji: ng'ombe anahitaji lita kadhaa za maji ya kunywa kwa kila lita ya maziwa anayotoa, na mahali kisima kimekauka mtu analipwa kuyasomba. Watu wa Morogoro wanaijua bei ya dumu la maji kiangazi, hapo huelewa haraka.

“Mbona fulani wa mtaa wa pili bado anauza 1,800?” Hapa ndipo wengi huponza biashara yao kwa kusema, “Yake yana maji.” Huna uhakika, na maneno hayo yatamfikia kabla ya jioni. Pengine mwenzako ana ng'ombe wake nyumbani na halipi bodaboda. Sema, “Mimi hesabu yangu ni hiyo, na yangu unayajua.” Kama mteja anataka kujaribu kwingine, mwache aende, na umwambie utamshikia fungu lake kwa wiki moja. Baada ya hapo kuna mpita njia aliyekosa ambaye atalichukua kwa 2,000. Usiseme hilo kwa kumtisha. Ni kwamba kiangazi anayepunguza huwa na wa kumrithi, na ukilijua hilo hutababaika na kuanza kumshushia bei mmoja mmoja.

Anayehama kutoka lita hadi nusu lita mkubalie kwa uso mwema na uandike siku hiyohiyo. Jambo la kuangalia ni idadi. Nyumba mbili tatu zikipunguza ni kawaida. Nusu ya daftari ikipunguza wiki ya kwanza, ujue mtaa wako hauwezi bei hiyo, na afadhali urudi kwa mfugaji au kwa bodaboda kuliko kubaki na lita saba kwenye friji kila jioni. Njia moja inayofanya kazi ni kushirikiana nauli na muuzaji mwingine anayechukua upande uleule: 8,000 ikigawanywa kwa wawili, kila mmoja ameokoa karibu 143 kwa lita katika lita 28.

Hatua ya saba: Desemba iandike ile barua ya pili

Tarehe uliyoahidi ikifika, andika hata kama hakuna kilichobadilika. Ikiwa mvua zimechelewa, mistari miwili inatosha: wafugaji bado wako 1,450, maziwa bado ni lita 28, nitaangalia tena tarehe 15 Januari.

Ikiwa mfugaji ameshuka hadi 1,350 na maziwa yamepanda hadi lita 34, rudia hesabu ileile. Maziwa 45,900, safari na friji 10,000, jumla 55,900. Kwa 1,800 utapata 61,200 na kubaki na 5,300, karibu sawa na ulivyokuwa unabaki kiangazi kwa 2,000. Kwa hiyo unaweza kurudi 1,800 mara moja bila kupita 1,900, na lita sita zilizoongezeka zitawarudisha wapita njia. Lile punguzo la lita 5 linakoma siku hiyohiyo, na mwenye mgahawa aambiwe kwanza, kwa mdomo, kama mwanzo. Bei ya kushuka haihitaji wiki mbili za taarifa. Ianze kesho yake, na aliyelipa Desemba nzima kwa 2,000 ahesabiwe siku zilizobaki kwa bei mpya, kisha chenji yake iandikwe kwenye daftari kama siku za ziada za maziwa.